Switi mbili, fasi moja: namna ya kuonyesha kama limiti haiko

Juzi kijana moja wa premié alikuja hapa kwetu Katindo na kaye yake mkononi, amekasirika, akaniambia "Yaya, banikata pointi bure, egzersisi niliifanya mzuri, ata makini inasema vile." Egzersisi ilikuwa ya kutafuta limiti ya sin(π/x) wakati x inaenda ku 0. Nikaangalia kaye. Alikuwa amepanga valeri vizuri kabisa:

```
x = 0,1      sin(10π)   = 0
x = 0,01     sin(100π)  = 0
x = 0,001    sin(1000π) = 0
```

kisha akaandika chini, na mustari wa rangi nyekundu: limiti = 0.

Kalkul yote ni ya kweli, hakuna kosa ata moja mu zile mistari tatu, lakini konkluzio ni bongo. Nikamuambia chukua makini yako, iweke mu radia, ingiza x = 2/5. Akapata 1. Ingiza 2/9. Ikatoka 1. Ingiza 2/41, tena 1. Pa 2/401 yeye mwenyewe alikata 0,00498... akaingiza 0,005, na makini ikarudia kumupa 0, akaniangalia kama nimemudanganya. Nikamuambia hapana, rudia, andika fraksio 2/401 nzima nzima, usiikate. Akaandika. Ikatoka 1.

Ile kitu kidogo ya 0,005 na 2/401 inafundisha mingi sana. Hizi namba mbili zinapishana kwa karibu moja ya elfu mia, yaani 0,00001 na kitu, lakini fonksio ku moja inatoa 0 na ku ingine inatoa 1. Karibu na zero hii fonksio inapanda na kushuka haraka sana, mpaka table ya valeri haiwezi kukusaidia kitu, juu 0,1 na 0,01 na 0,001 ni fasi tatu tu, na zote tatu zimeangukia pale sinusi iko zero. Njo maana leo naandika namna ya kufanya hii kazi vizuri kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa banafunzi ba sizyemu na bale ba mwaka wa kwanza.

Wazo lenyewe

Fikiria bachukudu babili, moja anashuka kutoka Kibumba, mwingine anatoka Sake, bote banakuja ku rondpwe moja hapa Goma, na kila moja iko na makini ya kupima urefu wa fasi kutoka ku bahari. Kadiri banakaribia rondpwe, namba zao zinapaswa kukaribia namba moja. Kama wa Kibumba anaona 1500 na wa Sake anaona 1800, na bote banasema niko karibu kabisa na rondpwe, basi hauwezi tena kusema "urefu ya pale ni hii", juu hakuna namba moja yenye itakubaliana na bote babili.

Limiti iko vile vile. Kusema limiti ya f pa fasi a ni L, ni kusema njia yoyote utapita kwa kwenda ku a, valeri za f zitaenda ku L. Mu lugha ya switi: kwa kila switi x_n yenye inaenda ku a, bila kugusa a, na yenye inabaki mu domeni ya f, ile switi f(x_n) inaenda ku L. Hii banaiita kriteri ya switi, na bengine banaiita definisio ya Heine, juu ya Eduard Heine, Mujerumani mwenye alifanya kazi hii mu miaka ya 1870.

Neno la nguvu pale ni *kila*. Kama unataka kuonyesha limiti iko, haiwezekani kupitisha switi zote moja moja, hautamaliza. Lakini kama unataka kuonyesha limiti *haiko*, unahitaji switi mbili tu zenye hazikubaliani. Mbili zinatosha. Ile kijana wangu alikuwa na switi moja tu, 1/10, 1/100, 1/1000, na switi moja haiwezi kusema limiti iko. Inaweza tu kusema hivi: kama limiti iko, basi ni 0. Kile "kama" njo alisahau.

Juu ya nini switi mbili zinatosha

Bantu bengi banakariri ile regle bila kuiamini, kisha mu egzame profesa akigeuza swali kidogo banapotea. Demonstrasio ni fupi, naifanya hapa na ile ile sin(π/x), ikisha kuingia kwa hii utaifanya kwa zote.

Tuseme mtu anakatala, anasema "limiti iko, inaitwa L". Sawa. Mi nachagula epsilon ya 1/2. Kwa ile definisio ya epsilon na delta, yeye anapaswa kunipa delta, yaani kaintervale kadogo kandokando ya 0, ambamo kila x (isipokuwa 0 yenyewe) inafanya f(x) iwe mbali na L chini ya 1/2. Anipe delta yoyote, kubwa ao ndogo, haina neno. Switi yangu ya kwanza inaenda ku 0 kwa hiyo nyuma ya muda itaingia mu ile intervale, na ya pili pia itaingia. Nangoja mpaka zote mbili zimeingia. Pale niko na x_n ambako f inatoa 0 na y_n ambako f inatoa 1, na zote mbili ziko mu intervale yake. Basi:

```
1 = |f(y_n) - f(x_n)|
  ≤ |f(y_n) - L| + |L - f(x_n)|
  < 1/2 + 1/2 = 1
```

Imetoka 1 < 1. Haiwezekani. Kwa hiyo L haiko, na angalia vizuri, hatukusema L ni ngapi, inaweza kuwa 0, 1, 0,37 ao namba yoyote, kontradiksio ni ile ile. Epsilon nimechukua 1/2 juu ni nusu ya umbali kati ya 0 na 1. Kama switi zako zinatoa 3 na 7, umbali ni 4, unachukua 2. Ni vile tu.

Kutafuta zile switi: unarudi nyuma

Hapa njo fasi banafunzi banakwama zaidi. Banaona mwalimu anaandika ku tablo "tuchukue y_n = 2/(4n+1)" na banajiuliza ile kitu imetoka wapi, ni kama ameiota usiku. Hakuota. Alianza ku jibu akarudi nyuma, na wewe fanya vile mu brouyo yako mbele ya kuandika kitu ku karatasi ya kweli.

Kwanza angalia fonksio na ujiulize: karibu na hii fasi, inapenda kufika ku valeri gani mara nyingi nyingi? Sinusi inatembea kati ya −1 na 1, inapita ku 0, kwa hiyo uko na chaguo. Chukua mbili zenye ni rahisi, mi napenda 0 na 1.

Kisha unatatua ekwasio. Nataka sin(π/x) = 0. Sinusi ni zero wakati kilicho ndani ni nπ. Basi π/x = nπ, pi inakatika, inabaki 1/x = n, na x = 1/n. Switi ya kwanza imepatikana.

Sasa nataka sin(π/x) = 1. Sinusi ni 1 wakati kilicho ndani ni π/2 + 2nπ. Naandika yote:

```
π/x = π/2 + 2nπ
1/x = 1/2 + 2n = (4n + 1)/2
x   = 2/(4n + 1)
```

Iko hapo. Kwa n = 1 ni 2/5, n = 2 ni 2/9, n = 10 ni 2/41, n = 100 ni 2/401, zile zile nilimupa kijana.

Hapa kuna kosa moja naliona karibu kila mwaka: mtu anaandika π/2 + nπ pa fasi ya π/2 + 2nπ. Ukifanya vile, sinusi haitoe 1 kila mara, inatoa 1, −1, 1, −1. Haiko mbaya sana kama unajua unafanya nini, ata inaweza kukusaidia, juu ile switi moja tu, x_n = 2/(2n+1), inatoa f(x_n) = (−1)^n na hiyo haina limiti, kwa hiyo umemaliza kazi na switi moja. (Kwa kweli ni mbili zimefichama ndani ya moja, zile za n ya kugawanyika na 2 na zile zingine.) Lakini ukiandika π/2 + nπ na kisha useme "f(x_n) = 1 kwa kila n", mkorijeri atakukata, na iko na haki.

Kuhakikisha mbele ya kuandika

Switi ikisha kupatikana, unaiuliza maswali tatu. Usirukie moja.

Inaenda kweli ku fasi yenye banauliza? 1/n inaenda ku 0, sawa. 2/(4n+1), denominateri inakua bila mwisho, numerateri ni 2 tu, inaenda ku 0, sawa. Inaonekana ni bure kuuliza lakini mu egzersisi zenye fasi ni 2 ao 3 bantu banasahau. Kama banauliza limiti ya sin(π/(x−2)) pa 2, switi ni 2 + 1/n na 2 + 2/(4n+1). Ukiandika 1/n tu, umeenda ku 0, na kule fonksio haiko na shida yoyote, inatoa sin(−π/2) yaani −1.

Inabaki mu domeni? Chukua sin(π/√x) pa 0. Hapa x lazima iwe kubwa kuliko 0, basi switi kama −1/n ni bure kabisa, f(−1/n) haina maana. Unarudi nyuma tena: nataka √x = 1/n, basi x = 1/n², na kwa ingine √x = 2/(4n+1), basi x = 4/(4n+1)². Zote ziko juu ya zero, zote zinaenda ku 0.

Inagusa fasi yenyewe? Hii inahitaji niielezee kidogo. Tuchukue fonksio yenye ni 1 fasi yote, isipokuwa ku 0 ambako banaipa 5. Kama mtu anachukua switi ya kusimama, x_n = 0 kila mara, anapata 5, kisha 1/n inamupa 1, anasema limiti haiko. Kwa ile definisio ya kutoa fasi katikati, yenye inasema x inakaribia a bila kuwa a, amekosea, limiti ni 1. Lakini utakuta mu bitabu fulani bya Kifaransa banaruhusu x iwe a kama a iko mu domeni, na kwa hao ile limiti kweli haiko. Ni definisio mbili tofauti, na silabisi yako njo inaamua. Mi nashauri hivi: chagula kila mara switi zenye hazigusi a. Kama switi mbili zenye hazigusi a zinatoa majibu mbili, limiti haiko mu definisio zote mbili, na hakuna mwenye anaweza kukukata pointi. 1/n haiwezi kuwa 0, 2/(4n+1) pia, tuko sawa.

Namna ya kuandika ku karatasi

Kijana wangu alifikiri inatosha kuandika "sinusi inapanda na inashuka, basi limiti haiko". Hapana. Kupanda na kushuka peke yake haionyeshe kitu, nitarudia hii chini na mfano. Karatasi inapaswa kuonyesha switi, fasi yenye zinaenda, valeri za f, na ile neno la kontradiksio. Mi ningeandika hivi:

```
f(x) = sin(π/x), domeni: x ≠ 0. Fasi: a = 0.
Kwa n ≥ 1:
x_n = 1/n          y_n = 2/(4n+1)
x_n ≠ 0, y_n ≠ 0,  x_n → 0 na y_n → 0.

f(x_n) = sin(nπ) = 0             basi f(x_n) → 0
f(y_n) = sin(π/2 + 2nπ) = 1      basi f(y_n) → 1
```

kisha unamalizia na sentensi: kama f ingekuwa na limiti L pa 0, f(x_n) na f(y_n) zote mbili zingeenda ku L, basi L = 0 na L = 1, haiwezekani, kwa hiyo limiti haiko.

Ile sentensi ya mwisho ni fupi lakini usiiache, mle ndani njo kuna demonstrasio yenyewe. Bila yake umeonyesha tu kama unajua kufanya kalkul ya sinusi. Tena usiandike "limiti ni 0 na 1". Limiti haiwezi kuwa mbili. Andika "haiko".

Na kama switi moja inatoa namba na ingine inaenda ku infini? Mfano (1/x)·sin(π/x) na zile zile switi: f(1/n) = 0, f(y_n) = (4n+1)/2 na hiyo inakua bila mwisho. Inafaa pia, unasema f haina limiti ya namba, na haiende ku infini pia, juu kuna switi ingine yenye imebaki ku 0.

Wakati switi mbili zinakubaliana

Kijana akisha kusikia, akafurahi, akataka kufanya egzersisi ya pili ya ile listi peke yake: x·sin(π/x) pa 0. Akachukua zile zile switi. f(1/n) = 0. f(y_n) = y_n mara 1, yaani 2/(4n+1), inaenda ku 0. Akaniuliza, "Yaya, sasa zote mbili zinatoa zero, niandike limiti ni zero?"

Hapana, bado. Switi mbili kukubaliana haionyeshe kitu, ata kumi, ata mia. Inakupa tu wazo: pengine limiti iko na ni 0. Pale unabadilisha chombo. Unaacha switi, unatafuta namna ya kufunga fonksio yote nzima kati ya bintu mbili, yaani ile teoremu ya bajandarme. Sinusi haivuke 1, kwa hiyo |x·sin(π/x)| ≤ |x|, na |x| inaenda ku 0, basi f inaenda ku 0 bila switi yoyote. Na hii njo mfano nilikuahidi: hii fonksio inapanda na kushuka mara nyingi sawa na ile ya kwanza, lakini limiti yake iko. Mawimbi yake yanakuwa mafupi mafupi mpaka yanakufa, ya ile ya kwanza yanabaki na urefu ule ule mpaka mwisho. Njo maana "inapanda na kushuka" haitoshe.

Basi mu brouyo, mi nafanya hivi: najaribu switi mbili, kama zinapishana nimemaliza, kama zinakubaliana najaribu moja ya tatu yenye ni tofauti kweli, na kama ile pia inakubaliana naanza kutafuta jandarme.

Ku fonksio za x na y, hapa njo banaanguka

Kama fonksio iko na variable mbili, njia za kwenda ku (0, 0) ni nyingi zaidi, haiko tu kushoto na kulia, na kuna mutego moja wa zamani wenye bado unakamata bantu kila mwaka:

```
f(x, y) = x²y / (x⁴ + y²)
```

Mwanafunzi mzuri anajaribu mistari yote ya kunyooka kwa mara moja, y = mx. Anaweka, anarahisisha, anapata mx/(x² + m²), na kwa m yoyote yenye haiko zero hiyo inaenda ku 0. Kwa m = 0 fonksio ni 0 moja kwa moja. Mustari wa kusimama, x = 0, pia 0. Mistari yote ya dunia yenye inapita pale inatoa 0! Inaonekana hakuna kilichobaki, anaandika limiti = 0, na anakosa.

Mistari ya kunyooka haiko njia zote. Angalia denominateri: kuna x⁴ na kuna y². Kwenye mustari y = x, wakati x ni 0,1, x⁴ ni 0,0001 na y² ni 0,01, y² inakula ingine yote. Unataka njia yenye inafanya hizi mbili ziwe na uzito sawa, na uzito ni sawa wakati y² = x⁴, yaani y = x². Ni parabole. Basi chukua switi mbili za pwe:

```
P_n = (1/n ; 0)        f(P_n) = 0
Q_n = (1/n ; 1/n²)     f(Q_n) = (1/n⁴) / (2/n⁴) = 1/2
```

Hakikisha na n = 10, kwa mkono, ni namba fupi: x = 0,1 na y = 0,01. Juu, x²y ni 0,01 mara 0,01, inatoa 0,0001. Chini, x⁴ ni 0,0001 na y² ni 0,0001, jumla 0,0002. Jibu 0,5. Sasa ku mustari y = x, na x ile ile 0,1: juu 0,001, chini 0,0101, jibu karibu 0,099, na ukishuka ku x = 0,01 inakuwa karibu 0,01. Moja inazimika, ingine imesimama ku nusu. Switi zote mbili zinaenda ku (0, 0), hakuna yenye inagusa (0, 0), limiti haiko, na unaandika karatasi na sentensi ile ile ya juu.

Ile wazo ya kusawazisha uzito ya denominateri inafungua egzersisi nyingi za hii aina. Ukikuta xy²/(x² + y⁴), uzito ni sawa wakati x = y², unachukua (1/n² ; 1/n) na unapata tena 1/2. Lakini chunga, njia yako lazima ifike. Nimeona mtu anachagula y = x² + 1 juu ilirahisisha kalkul vizuri, lakini ile parabole inapita ku (0 ; 1), ku (0 ; 0) haifike ata siku moja.

Tena chunga usilazimishe. xy²/(x² + y²) inafanana na zile zingine kwa macho, na banafunzi banapoteza nusu saa banatafuta parabole yenye itaivunja. Hawataipata, juu y² haivuke x² + y², kwa hiyo |f| ≤ |x|, jandarme amefunga, limiti ni 0. Alama ya kuitambua ni digre: juu iko na digre 3, chini digre 2 na x na y zote ziko na digre ile ile, basi ya juu inashinda kwa kushuka ku zero. Kama chini iko na mchanganyiko, x⁴ na y², pale njo unashuku.

Kijana aliondoka na tatu za kufanya nyumbani, nazitia hapa na majibu. cos x wakati x inaenda ku infini: chukua 2nπ na 2nπ + π, inatoa 1 na −1, haiko. |x|/x pa 0: 1/n na −1/n, inatoa 1 na −1, haiko. xy/(x² + y²) pa (0, 0): hapa mistari inatosha, (1/n, 0) inatoa 0 na (1/n, 1/n) inatoa 1/2, haiko. Kesho yake alinitumia foto ya kaye ku watsapu, ya tatu ameifanya na switi tatu pa fasi ya mbili, nikamuambia ile ya tatu aikate, mbili zinatosha.